Ficha Nambari ya Gari Isiweze Kufunuliwa Tena

Wakazi wengi wanaouza magari mtandaoni huficha nambari ya usajili kabla ya kuweka picha. Wanafanya vyema. Yeyote aliye na nambari hiyo anaweza kulipa ada ndogo kwenye mfumo wa NTSA na kupata jina la mwenye gari. Tapeli naye anaweza kutengeneza bamba kama hilo na kulibandika kwenye gari lingine la aina na rangi hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba njia inayotumiwa sana, yaani kutia ukungu au kuigeuza nambari kuwa vimiraba, huweza kufunuliwa.

Kwa nini ukungu hautoshi

Ukungu haufuti nambari, bali huichanganya tu. Umbo la kila herufi huacha alama yake kwenye rangi zinazobaki. Anayetaka kuijua hahitaji kusafisha picha. Huandika nambari moja baada ya nyingine kwa kompyuta, huitia kila moja ukungu uleule, kisha hulinganisha na picha yako ili kuona inayofanana nayo zaidi.

Nambari za Kenya hurahisisha kazi hiyo kwa sababu mpangilio wake unajulikana: herufi tatu zinazoanza na K, tarakimu tatu, kisha herufi moja. Herufi I na O hazitumiki, hivyo herufi ya mwisho ni mojawapo ya 24. Ikiwa herufi tatu za mwanzo zimekisiwa, zinabaki tarakimu 999 mara herufi 24, yaani nambari 23,976 pekee. Kompyuta ya kawaida huzipitia zote kwa muda mfupi.

Kalamu ya kuangazia iliyo kwenye simu nayo si salama. Wino wake hupitisha mwanga, hata ukionekana mweusi baada ya kupaka mara kadhaa. Ukitaka kujua, fungua picha uliyoificha, ongeza mwangaza na utofauti wa rangi hadi mwisho. Nambari ikianza kujitokeza, haijafichwa.

Njia ya kufuata

Tuseme unauza gari na umepiga picha ya mbele yake.

1. Chora umbo la mstatili lililojazwa rangi moja nzito, lisilopitisha mwanga, juu ya bamba lote. Lizidishe kidogo kila upande ili kingo za herufi zisibaki.

2. Ukitaka kuweka maandishi, andika neno kama INAUZWA. Usibuni nambari nyingine, kwani huenda ni ya gari la mtu.

3. Piga picha ya skrini ya kazi iliyokamilika, na uweke hiyo mtandaoni. Picha ya skrini ni faili mpya. Haina tabaka la chini linaloweza kurudishwa, wala haibebi mahali ulipopigia picha ya awali.

4. Kagua sehemu nyingine. Kuna stika ya usajili kwenye kioo cha mbele, na watu wengi huchonga nambari kwenye vioo vya pembeni na taa. Tazama pia kama bamba linaonekana kwenye dirisha la duka au gari lililo jirani.

Makosa ya kuepuka

Usiweke picha kwenye Word kisha ukachora kisanduku juu yake na kutuma hati hiyo. Anayeipokea anaweza kukisogeza kisanduku na kuona nambari yote. Hali ni hiyo hiyo kwa PDF nyingi zilizotengenezwa kwa njia hii.

Kukata sehemu ya picha pia kumewahi kuleta matatizo. Mnamo Machi 2023 watafiti walifichua kwamba chombo cha Markup kwenye simu za Google Pixel kilikuwa kikiacha ndani ya faili data za sehemu iliyokatwa, na nyingine ziliweza kurejeshwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kusambazwa kabla ya hapo hazikurekebika. Sasisha simu yako, na ukiweza, funika badala ya kukata.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kutoipiga picha nambari kabisa. Gari likiwa limeegeshwa kwenye boma lako, funika bamba kwa kadibodi au kitambaa kizito, piga picha, kisha uondoe. Hapo hakuna cha kufunua, kwa kuwa kamera haikuiona. Hakikisha umeliondoa kabla ya kuingia barabarani, kwani kuendesha gari likiwa na nambari iliyofichwa ni kosa la kisheria.

Ikiwa umekwisha kuweka picha zenye ukungu, zifute na uweke nyingine zilizofunikwa vizuri. Kuzifuta hakuondoi nakala ambazo wengine wamehifadhi, lakini huzuia nyingine kuchukuliwa.