Tulivyopanga waomba kazi kumi na wanane kwa haki

Jambo hili mlituuliza kwenye mkutano, nasi tuliahidi kulieleza hapa: ilikuwaje mashini yetu ya kusaga mahindi ikapata mshika pesa bila watu kugombana? Kazi ilikuwa moja na dosie zilizoletwa zilikuwa 18. Katika Kolwezi yetu watu wengi husema kazi hupatikana kwa kujuana, iwe kwenye migodi au kwenye duka dogo. Tusingekuwa na njia ya wazi, hata chaguo zuri lingeitwa la ndugu.

Njia yenyewe ni meza ya alama zenye uzito. Maana yake ni kwamba kila jambo tunalolitafuta kwa mtu linapewa uzito wake, kwa kuwa si yote yaliyo na thamani sawa kwa kazi ile. Mwombaji hupewa alama kwa kila jambo, alama inazidishwa kwa uzito, halafu tunajumlisha.

Tulianza na kazi yenyewe. Mshika pesa anapokea franka za watu tangu asubuhi, anaandika kila meka iliyosagwa, na jioni pesa na daftari lazima vikubaliane. Kwa hiyo tuligawa uzito wa 10 hivi: jaribio la daftari 4, uzoefu wa kushika pesa za watu 3, namna ya kusema na wateja 2, masomo 1. Tuliandika hayo kwenye karatasi, tukaweka sahihi na tarehe, dosie zote zikiwa bado zimefungwa. Baadaye mtaona kwa nini.

Mambo ya lazima hatukuyapa alama. Umri wa miaka 18, kujua kusoma na kuandika, na kuwa tayari kufanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi: aliyekosa moja ya hayo alitoka, hata kama mengine yote ni mazuri. Hapo walibaki tisa.

Katibu alifunika majina na kuandika namba. Kwetu jina la mtu huonyesha jimbo la babu zake, na wakubwa wetu hawajasahau miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Kolwezi na Likasi. Hatukutaka jina limpandishe wala kumshusha mtu. Siku ya kuwaona waombaji hatungeweza kuficha sura zao, lakini dosie na jaribio vilisahihishwa kwa namba tu. Mama mmoja wetu alisema mapema kwamba mtoto wa dada yake ameomba, akatoka kwenye kazi ya kutoa alama.

Alama zilikuwa kuanzia 1 hadi 5, na kabla ya kuanza tulikubaliana kila alama ina maana gani. Kwa jaribio tulimpa kila mtu ukurasa uleule wa mauzo ya siku moja, wenye kosa la franka 4,500. Aliyejumlisha vizuri na kuonyesha mstari wenye kosa alipata 5. Aliyejumlisha vizuri lakini hakuona kosa alipata 3. Ambaye hesabu zilimshinda alipata 1. Bila maelezo kama hayo, mama mmoja hutoa 5 kwa ukarimu na mwingine hutoa 3 kwa kazi ileile.

Kuhusu uzoefu tulijadili sana. Tungedai barua ya mwajiri, wanawake wengi wangeanguka, kwa sababu pesa walizoshika ni za likelemba au za meza ya sokoni. Tukaamua likelemba inahesabiwa, mradi mtu alete daftari lake na watu wawili wanaoweza kushuhudia.

Akina mama watatu walitoa alama, kila mmoja peke yake, bila kuongea. Karatasi zilipowekwa pamoja, popote walipoachana kwa alama mbili au zaidi, kila mmoja alisema aliona nini. Mara moja mmoja alikuwa amekosa kuona ukurasa wa pili wa jaribio, alirekebisha. Hawa ndio wanne wa juu, na alama walizokubaliana mwishoni:

| Mwombaji | Jaribio (×4) | Uzoefu (×3) | Wateja (×2) | Masomo (×1) | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Namba 11 | 4 | 5 | 4 | 2 | 41 |
| Namba 7 | 5 | 4 | 3 | 2 | 40 |
| Namba 16 | 4 | 3 | 4 | 4 | 37 |
| Namba 3 | 3 | 2 | 3 | 5 | 29 |

Tuhesabu pamoja namba 11: 4 mara 4 ni 16, 5 mara 3 ni 15, 4 mara 2 ni 8, na 2 mara 1 ni 2. Jumla 41 juu ya 50.

Jumla zilipotoka, mjumbe mmoja alisema: "Jamani, mtu mwenye diploma tunamweka wa mwisho? Tuyape masomo 4, jaribio lipate 1." Aliongea kwa nia njema. Tulifanya hesabu yake mbele ya wote. Namba 16 alipanda wa kwanza na 37, namba 3 na namba 11 wakalingana kwa 35, na namba 7, aliyekuwa amepata 5 kwenye daftari, akawa wa mwisho na 31. Alama za watu hazikuguswa hata moja, ila uzito tu, na orodha ikageuka.

Hapo ndipo upendeleo unapojificha. Mtu hahitaji kudanganya alama. Inatosha abadilishe uzito akishajua nani amepata nini, na meza itaonekana safi kabisa. Ndiyo maana ile karatasi ya sahihi ilituokoa. Kama kweli masomo yana uzito zaidi kwa kazi fulani, hilo lisemwe kabla ya dosie kufunguliwa. Mkiona kikundi kinaleta meza ya alama, ombeni kwanza karatasi ya uzito na mtazame tarehe.

Meza ina mpaka wake pia. Kati ya 41 na 40 hakuna tofauti ya kweli: namba 7 angeongezewa alama moja tu upande wa wateja, angefika 42 na kupita. Tuliwahesabu hao wawili kama sawa, namba 16 akawa wa tatu kwenye orodha fupi. Kila mmoja wa wawili wale alifanya kazi wiki moja kwenye mashini, kwa malipo, na kila jioni tulilinganisha pesa na daftari. Daftari la namba 7 lilikubaliana siku zote sita. La namba 11 lilipungua mara mbili. Tulimchukua namba 7.

Namba 11 alikuja kuuliza kwa nini. Tulimfungulia mstari wake wa meza na madaftari ya wiki ile, bila kumwonyesha ya wengine. Alisoma, akauliza kuhusu siku mbili zile, akaona mwenyewe mahali alipoacha kuandika. Aliondoka hajafurahi, lakini hakusema tumemnyima kwa sababu ya jina lake.