Ringi za Bimu Zikatwe kwa Hesabu

Kigoma imekaa juu ya bonde la ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilizuka chini ya Ziwa Tanganyika na kutikisa pande zote mbili. Anayejenga Ujiji au Kibirizi ana sababu ya kuzijali ringi, kwa kuwa ndizo zinazozuia bimu isipasuke mshazari karibu na nguzo.

Tuchukue bimu yenye upana wa milimita 230 na kimo cha 400. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ni mita 4, ringi ni za nondo ya milimita 8, na kava, yaani zege linalofunika ringi, ni milimita 30. Toa kava pande zote mbili: ringi inabaki 170 kwa 340, ikipimwa kwa nje. Anayesahau kutoa mara mbili hupata ringi inayogusa mbao, na huko ndiko kutu huanzia.

Mzunguko wake ni 1,020. Kila kulabu ikunjwe nyuzi 135 kuelekea ndani ya zege, na mkia wake ulionyooka uwe mara kumi ya unene wa nondo, yaani 80. Mikia miwili ni 160, jumla 1,180. Je, mikunjo haili urefu? Pembe tatu hupunguza kidogo, lakini mikunjo miwili ya kulabu hurudisha karibu kiasi hichohicho. Hata hivyo, kunja ringi moja kwanza uipime, kwani meza za kukunjia hazifanani. Kulabu ya nyuzi 90 ni rahisi kukunja, ila zege la pembeni likibanduka hufunguka, na mtikisiko hubandua zege hilo mapema.

Sasa idadi. Ringi ya kwanza na ya mwisho zikae milimita 50 kutoka kwenye nguzo, hivyo zinabaki 3,900 za kugawa. Ukipanga kila 150 unapata nafasi 26, na ringi 27, maana ringi huzidi nafasi kwa moja. Kwa Kigoma ningependa mhandisi abane miisho: nafasi nane za 100 kila upande, ambazo ni mara mbili ya kimo cha bimu. Katikati hubaki 2,300. Ukigawa kwa 200 unapata 11.5, nawe unapandisha hadi 12, kamwe hushushi. Jumla nafasi 28, ringi 29. Umeongeza mbili tu, na chuma kimesogea kwenye nguvu kubwa.

Nondo ya mita 12 kamili hutoa ringi kumi, kwa hiyo tatu zinatosha. Lakini pima nondo dukani: ikiwa na mita 11.7 inatoa tisa, na utahitaji ya nne.