Ufunguo Umepotea, Diski Ipo

Mpwa wangu anasimamia mfumo wa hesabu wa duka la jumla la dawa jijini Mwanza. Kompyuta yenyewe ya mfumo hajawahi kuiona. Ni mashine pepe aliyoikodi Amazon, na iko katika kituo chao cha Cape Town kilichofunguliwa mwaka 2020. Kila mwezi analipia, na akitaka kuirekebisha huingia kupitia mtandao kwa kutumia faili dogo la ufunguo lililokuwa kwenye laptopu yake.

Juzi akanipigia alfajiri. "Shikamoo mjomba. Laptopu wameondoka nayo, na ufunguo ulikuwa humohumo."

Nilimuuliza kwanza kama duka linauza. Linauza, akasema. Basi mashine ni nzima, kilichofungwa ni mlango wa fundi tu. Nikamtaka ajaribu kuingia kwa kompyuta ya kuazima, kisha anisomee neno kwa neno kinachoandikwa kwenye skrini. Watu wengi hupoteza siku nzima hapa, kwa sababu wanasoma "imekataa" wakati mashine imesema jambo mahususi zaidi.

Skrini ilikaa kimya karibu dakika mbili, kisha ikaandika `Connection timed out`. Maana yake ni kwamba hodi haikufika mlangoni. Ufunguo hauhusiki kabisa na jibu hilo, hata ungekuwa nao mkononi usingekufaa. Nje ya mashine kuna mlinzi wa getini, ambaye kwenye tovuti ya Amazon anaitwa `Security group`. Huyu anashika orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupita, na asiyemo hata hajibiwi. Miezi kadhaa nyuma mpwa wangu aliamua, na aliamua vizuri, kwamba lango namba 22, ambalo mafundi huingilia, lifunguliwe kwa anwani ya nyumbani kwake peke yake. Sasa alikuwa anatumia intaneti ya simu, yenye anwani nyingine.

Dawa yake ni rahisi kwa sababu mlinzi huyo hakai ndani ya mashine. Unaingia kwenye tovuti ya Amazon kwa nywila yako ya kawaida, unafungua sheria za kuingia, na kwenye mstari wa SSH unachagua `My IP`. Sheria inaanza kufanya kazi papo hapo bila kuzima chochote. Usishawishike kuandika `0.0.0.0/0` ili yaishe. Hiyo ni kuifungulia dunia nzima, na mitambo inayozunguka mtandaoni ikibisha hodi huwa haichelewi kufika.

Akajaribu tena. Safari hii jibu lilikuja mara moja: `Permission denied (publickey)`. Alidhani mambo yamezidi kuharibika, kumbe tumepiga hatua. Mlinzi kampitisha, sasa kitasa ndicho kinachokataa.

Kitasa chenyewe ni faili la maandishi lililo ndani ya diski ya mashine. Kwa mashine ya Ubuntu liko hapa: `/home/ubuntu/.ssh/authorized_keys`. Kila mstari wake ni nusu ya wazi ya ufunguo fulani, na nusu ya siri hukaa kwa mwenyewe. Ukiwatengenezesha Amazon ufunguo, wanakupa nusu ya siri uipakue mara moja tu na wao hawabaki na nakala, kwa hiyo kuwaandikia barua kuomba nyingine ni kazi bure. Wala haisaidii kutengeneza ufunguo mpya kwenye tovuti na kuupa jina lilelile la zamani. Mpwa wangu alikuwa ameshafanya hivyo kabla hajanipigia. Tovuti ilimwonyesha jina, akafurahi, lakini hakuna kilichobadilika ndani ya diski.

Zipo njia za mkato kwa aliyejiandaa. Kama mashine ilishapewa ruhusa ya `Session Manager`, na programu yake ndogo inaendelea kukimbia ndani, unafungua dirisha la amri kwenye kivinjari bila ufunguo wala lango namba 22. Yeye hakuwa ameiweka. Ikabaki kazi ya mikono: kuitoa diski, kuipachika kwenye mashine nyingine, na kubadilisha kitasa ukiwa huko.

Tulianza kwa kupiga nakala ya diski, yaani `Snapshot`, ili tukikosea pawe na pa kurudia. Kisha tukaizima mashine kwa `Stop`. Jirani yake kwenye menyu ni `Terminate`, na hiyo haizimi, inaiua mashine na kwa kawaida diski yake kuu inakwenda nayo. Jambo jingine la kutazama kabla ya kuzima ni kama mashine ina diski za muda ziitwazo `instance store`. Vilivyomo humo hupotea ukizima. Yake ilikuwa ya aina ya t3, ambayo haina diski hizo.

Baada ya hapo tukakodi mashine ndogo ya uokozi, tukaipa ufunguo mpya. Hapa tulipoteza robo saa nzima, kwani diski ilipoachishwa tukataka kuipachika na haikutokea kwenye orodha. Diski ilikuwa kwenye jengo la `af-south-1a`, na mashine ya uokozi tuliiwasha `af-south-1b`. Diski haivuki kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo tukakodi mashine nyingine, upande ule ule wa diski. Ni vizuri pia uokozi uwe umeshawaka ndipo diski ipachikwe, la sivyo unaweza kuwakia diski isiyo yake.

Amri `lsblk` ikatuonyesha kwamba diski ya mgonjwa imeingia kwa jina la `nvme1n1`. Zilizobaki zilikuwa hizi:

```
sudo mkdir /mnt/okoa
sudo mount /dev/nvme1n1p1 /mnt/okoa
sudo cp ~/.ssh/authorized_keys \
  /mnt/okoa/home/ubuntu/.ssh/authorized_keys
sudo umount /mnt/okoa
```

Mstari wa `cp` unachukua kitasa cha uokozi, ambacho tayari kinaujua ufunguo mpya, na kukiweka juu ya kile cha zamani. Tulifuta cha zamani kwa makusudi, maana ufunguo ulioibiwa usingepaswa kuendelea kufungua. Lakini kama wenzako nao huingia kwa funguo zao, ongeza mstari wako chini badala ya kufuta, vinginevyo utawafungia nje.

Njia hii ndiyo inayomwokoa pia aliyejifungia kwa komeo la ndani, yaani `ufw` iliyowashwa bila kuruhusu SSH. Mlinzi wa getini hana uwezo juu ya komeo hilo. Diski ikiwa kwenye uokozi, fungua `/mnt/okoa/etc/ufw/ufw.conf`, ugeuze `ENABLED=yes` iwe `ENABLED=no`.

Diski tukairudisha kwao. Wakati wa kuipachika unatakiwa uandike jina lake la awali, kwake lilikuwa `/dev/sda1`, na tovuti hupendekeza jina jingine. Ukilikubali, mashine inagoma kuwaka ikilalamika kwamba haina diski kuu.

Saa nne kasoro akaingia kwa ufunguo mpya. Dakika tano baadaye simu ya dukani ikalia: mfumo haufunguki. Ukiizima mashine na kuiwasha, anwani yake ya nje hubadilika, isipokuwa umejiwekea ya kudumu, `Elastic IP`. Hakuwa nayo, na kompyuta za dukani zilikuwa bado zinaitafuta ile ya jana. Akapanda bodaboda kwenda kuzibadilisha moja baada ya nyingine.