Waya katikati ya sumaku huruka upande gani?

Kata ukanda mwembamba wa foili ya kufungia chakula, uupitishe kati ya ncha mbili za sumaku, kisha gusisha miisho yake kwenye betri ya tochi. Foili itaruka. Usishikilie zaidi ya sekunde moja, kwa sababu betri na foili hupata moto upesi.

Je, huvutwa na ncha mojawapo?

La, na hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme ncha ya kaskazini iko kushotoni kwako, ya kusini kuliani, na mkondo wa umeme unaenda mbele, ukikuacha. Foili haiendi kushoto wala kulia, inasukumwa chini.

Kwa nini chini?

Shika waya kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikielekea unakokwenda mkondo. Vidole vinavyouzunguka vinaonyesha uga wa sumaku wa waya wenyewe. Katika mfano wetu, uga huo unaelekea kulia juu ya waya, na kushoto chini yake. Uga wa sumaku nao hutoka kaskazini kwenda kusini, yaani kulia. Basi juu ya waya nyuga mbili zinasaidiana, na chini zinapingana. Waya husukumwa kuelekea kwenye udhaifu.

Kuna njia ya mkato?

Kunjua kiganja cha kulia. Vidole vinne vifuate uga, gumba lifuate mkondo. Kiganja kitasukuma upande wa kani. Jaribu: vidole kulia, gumba mbele, kiganja kinatazama chini.

Mbona shuleni tulifundishwa mkono wa kushoto?

Hiyo ni kanuni ya Fleming ya mota: gumba ni kani, kidole cha shahada ni uga, cha kati ni mkondo. Jibu ni lilelile. Mkono wa kulia wa Fleming ni wa jenereta, pale unaposogeza waya wewe ukitafuta mkondo. Mimi ningechagua kiganja na kubaki nacho. Ila kumbuka kuwa mkondo huhesabiwa kutoka chanya kwenda hasi. Ukifuata elektroni, jibu litageuka.

Kani hiyo ni kubwa kiasi gani?

Zidisha uga, mkondo na urefu wa waya ulio ndani ya uga. Kwa tesla 0.2, ampea 3 na mita 0.05, unapata nyutoni 0.03, sawa na uzito wa gramu 3 hivi. Ukanda wa foili haufiki gramu moja, ndiyo maana unaruka; waya mnene wa shaba huenda usitikisike. Hesabu hii ni ya waya unaokingama na uga. Ukiulaza sambamba nao, kani ni sifuri.

Nikigeuza betri na sumaku pamoja?

Hakuna kitakachobadilika: kugeuza kimoja hugeuza kani, kugeuza vyote huirudisha. Ndiyo sababu mota ya blenda, ambayo sumaku yake ni koili zinazopitiwa na mkondo uleule, huzunguka upande mmoja ingawa umeme wa nyumbani hugeuka mara 100 kwa sekunde.