Mazuku ni nini? Namna ya kuandika maswali na majibu ambayo telefone inaweza kuonyesha haraka

Kule Keshero, upande wa magharibi wa mji wa Goma, mzazi mgeni anasikia majirani wakisema mtoto asiende kucheza kwenye shimo la nyuma ya parcelle, kwa sababu kuna mazuku. Anachukua telefone, anaandika: « mazuku ni nini ». Mega zake zimebaki kidogo, sharja pia. Hana nafasi ya kusoma kurasa kumi. Anataka jibu moja, na analitaka sasa.

Vikundi vingi vya mtaa, vituo vya afya na redio vinaandika sehemu ya maswali yanayoulizwa mara nyingi kwenye kurasa zao za entaneti. Kazi hiyo iko na pande mbili: maneno ambayo mtu anasoma, na alama ambazo mashine ya kutafuta inasoma. Watu wengi wanakimbilia alama na kusahau maneno. Ni vizuri kuanza na maneno.

Jibu linaanza na jibu

Makosa ya kila siku ni jibu la namna hii: « Hili ni swali la muhimu ambalo watu wengi wanajiuliza. Mji wetu umejengwa chini ya volkano, na tangu zamani wazee wetu… » Msomaji amefika mstari wa tatu, bado hajajua mazuku ni kitu gani.

Jibu zuri ni hili: « Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka udongoni. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala ndani ya mashimo na mabonde, na inaweza kumuua mtu ao mnyama kwa dakika chache. »

Ni maneno 33 tu. Sentensi ya kwanza inajibu, zile zingine zinaeleza hatari. Tena jibu linataja neno « mazuku » lenyewe, halisemi « hiyo ni gesi ». Sababu ni kwamba mashine ya kutafuta inaweza kulionyesha jibu peke yake, bila swali lililokuwa juu yake. « Hiyo » bila swali haielezi kitu.

Swali nalo liandikwe kama watu wanavyouliza. Hakuna mtu wa Keshero anayeandika « Maelezo kuhusu utokaji wa gesi ». Anaandika: « Mazuku inakuwa na nguvu saa gani? » Jibu lake: « Mazuku ni hatari zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo. Mchana, jua na upepo vinaipunguza, lakini ndani ya shimo refu inaweza kubaki. »

Mpangilio wa maneno unaweza kuokoa mtu ao kumpoteza. Swali ni: « Mtu akianguka ndani ya shimo la mazuku, nifanye nini? » Mwandishi akianza na « Msaidie haraka, lakini… », na kioo cha telefone kikakata baada ya mstari wa kwanza, msomaji anabaki na amri ya kushuka. Na anayeshuka kumfuata mwenzake anaweza kulala palepale karibu naye. Kwa hiyo jibu lianze hivi: « Usishuke kumfuata. Ita watu, mvute kwa kamba ukiwa umebaki juu, halafu mfikishe penye hewa na kwenye kituo cha afya. » Jibu la namna hii lisomwe kwanza na watu wa Protection civile ao wa Observatoire Volcanologique de Goma (OVG), kabla ya kuwekwa mbele ya watu.

Alama kwa ajili ya mashine

Maneno yakiisha kutengenezwa, ndipo alama zinaingia. Msamiati wake unaitwa schema.org. Ulianzishwa mwaka 2011 na Google, Bing na Yahoo, ili kurasa zote zitumie majina yaleyale. Ukurasa wa maswali unaitwa `FAQPage`, swali ni `Question`, jibu ni `Answer`. Alama hizo zinaandikwa ndani ya ukurasa, mahali msomaji hazioni:

```html
<script type="application/ld+json">
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "FAQPage",
  "inLanguage": "sw",
  "mainEntity": [{
    "@type": "Question",
    "name": "Mazuku ni nini?",
    "acceptedAnswer": {
      "@type": "Answer",
      "text": "Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka udongoni."
    }
  }]
}
</script>
```

Hapa jibu limefupishwa ili mfano usomeke. Kwenye ukurasa wa kweli, jibu lote la maneno 33 linaingia kwenye `text`. Swali la pili linafuata baada ya alama ya mkato, ndani ya mabano yaleyale ya mraba.

Kanuni moja haivunjwi: kila swali na jibu lililo ndani ya alama lazima lionekane pia kwenye ukurasa wenyewe. Kuficha majibu ndani ya alama peke yake kunahesabiwa kama udanganyifu. Vilevile, kama ni wasomaji wanaojibu, na swali moja linapata majibu ya watu wengi, `FAQPage` si mahali pake. Hiyo iko na alama yake, `QAPage`.

Kinachoharibika mara nyingi ni kitu kidogo sana. Mtu anaandika maandishi kwenye Word ao anayatoa WhatsApp, na zile alama za kunukuu zilizonyooka (") zinageuka kuwa zilizopinda (“ ”). Macho hayaoni tofauti, lakini mashine inashindwa kusoma sehemu yote. Kosa lingine ni kuacha alama ya mkato baada ya swali la mwisho. Kwa kupima, mtu anabandika maandishi kwenye validator.schema.org. Kama `FAQPage` haitokei kwenye matokeo, ao mstari wenye kosa unaonyeshwa, arudi palepale na atengeneze.

Kupita kipimo si kuonekana

Hapa watu wengi wanadanganywa na wauza huduma. Tangu mwaka 2019, Google ilikuwa inaweza kuonyesha maswali yakifunguka chini ya jina la ukurasa, na kurasa za kila aina zilijaza maswali ya bure ili kuchukua nafasi kubwa kwenye kioo. Mwezi wa nane mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba onyesho hilo litabaki kwa kurasa za serikali na za afya zinazojulikana na kuaminika. Kwa hiyo duka, shule ao kikundi cha kartye hakiwezi kuahidiwa onyesho hilo, hata alama zake zikiwa bila kosa. Anayedai franga kwa ahadi hiyo anauza kitu ambacho hana.

Alama zilizokwisha kuwekwa hazina haja ya kuondolewa, haziharibu kitu. Lakini jibu fupi linalochukuliwa na kuwekwa juu kabisa ya matokeo ya utafutaji linatoka kwenye maandishi yanayoonekana, na halihitaji alama hata moja. Kwa kikundi cha Keshero chenye muda wa saa mbili tu, saa ya kwanza na nusu ya ile ya pili ziende kwenye majibu. Alama zitapata dakika zinazobaki.

Kisha majibu yajaribiwe kwa njia ya zamani: mtu mmoja asome swali kwa sauti, mwingine asome sentensi ya kwanza tu ya jibu. Kama jirani aliyeketi pale amejua asifanye nini mbele ya lile shimo, jibu liko tayari.