Nani Kamleta Mteja Huyu?

Pale Kariakoo winga humdaka mteja mtaani, akampandisha ngazi hadi duka la ghorofani, na muuzaji anawaona wote wawili wakiingia. Fungu lake halina ubishi. Duka la mtandaoni halina macho ya namna hiyo. Linachopokea ni ombi la kufunguliwa ukurasa, na ndani ya ombi hilo, bahati ikiwepo, alama chache zinazoonyesha mteja katokea wapi. Kulipa kamisheni kwa haki ni kuzitunza alama hizo, kisha kuamua zinampa nani haki ya kulipwa. Hilo la pili ndilo linalogombanisha watu.

Tuseme kuna duka Dar es Salaam linalouza cherehani, na kuna fundi anayefundisha kushona kupitia YouTube. Duka limempa kiungo chake mwenyewe:

```
https://duka.example/cherehani?ref=fundi12
```

Maneno yanayofuata alama ya kuuliza hayabadilishi chochote anachokiona mteja. Ila akibofya, kompyuta ya duka inasoma `ref=fundi12` na kuandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake: kaletwa na nani, saa ngapi, kwenye ukurasa upi. Mstari huo unapewa namba ndefu isiyokisiwa, na namba hiyo inawekwa kwenye simu ya mteja ndani ya kuki, yaani maandishi mafupi ambayo kivinjari huyarudisha dukani kila mteja anapofungua ukurasa:

```
Set-Cookie: kliki=c7f3a91e52; Max-Age=2592000; Secure; HttpOnly
```

Jina la fundi halimo humo, na ni kwa makusudi. Mjanja anaweza kugeuza fundi12 kuwa fundi13, lakini kubuni namba ndefu ambayo tayari imo kwenye kumbukumbu za duka si rahisi.

Sekunde 2592000 ni siku 30. Amazon, walioanza kulipa wanaowaletea wateja mwaka 1996, kwa kawaida hutoa saa 24 tu. Kwa sabuni zinatosha. Cherehani watu huidundulizia hela, hivyo saa 24 kwa fundi yule ni sawa na kumwambia afanye kazi bure. Na hata siku 30 zinaweza kuwa za maandishi tu: kivinjari cha Safari, kinachotumika kwenye iPhone, hufuta baada ya siku 7 kuki iliyoandikwa na JavaScript ndani ya ukurasa. Ndiyo maana hii ya kwetu inatumwa na kompyuta ya duka yenyewe. Duka lililoahidi mwezi huku likitumia JavaScript linampunja winga bila kujua, na yeye hana namna ya kugundua.

Sasa tumfuate mteja mmoja. Jumatatu usiku anatazama somo la fundi, anabofya kiungo, anaikagua cherehani ya shilingi 480,000, anafunga simu. Wiki mbili baadaye mshahara umeingia. Anaandika jina la duka mwenyewe, anaweka cherehani kwenye kikapu na kuongeza mkasi na nyuzi za 30,000. Kuki bado ipo, fundi bado anahesabiwa.

Lakini kwenye ukurasa wa malipo kuna kisanduku: “Weka kuponi ya punguzo.” Mteja hana kuponi, na nani apendaye kulipa zaidi ya mwenzake? Anatoka kwenda kutafuta, anaangukia tovuti ya kuponi, anabofya, na tovuti ile inamrudisha dukani kwa kiungo chenye `ref` yake. Maduka mengi hufuata kanuni ya mbofyo wa mwisho: aliyeleta mara ya mwisho ndiye anayelipwa. Kuki ya fundi inafutwa na mpya. Aliyefundisha hapati kitu, na aliyejitokeza mteja akiwa ameshashika pochi anachukua chote.

Desemba 2024 mtengeneza video wa YouTube anayejiita MegaLag aliishutumu Honey, programu ya kutafuta kuponi inayomilikiwa na PayPal, kwamba ilikuwa ikibadilisha alama za watengeneza maudhui kuwa zake mteja anapofika kulipa, hata pale ambapo haikumpatia punguzo lolote. PayPal walijibu kwamba Honey inafuata kanuni za sekta, ukiwemo mbofyo wa mwisho. Watengeneza maudhui kadhaa walikwenda mahakamani, na Machi 2025 Google wakabana masharti: programu ya kuongezwa kwenye Chrome isiweke kiungo cha kamisheni bila kumpa mtumiaji faida ya wazi.

Kwa maoni yangu, jibu la PayPal ndilo linalofundisha zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba kanuni yenyewe ina tundu. Duka dogo linaweza kuliziba kwa sharti moja linaloandikwa kabla ya winga wa kwanza kusajiliwa: mbofyo unaokuja baada ya bidhaa kuwekwa kwenye kikapu haufuti ule uliotangulia. Na kisanduku cha kuponi kisimkodolee macho mteja. Aliyekuja kwa kiungo cha fundi apewe punguzo la fundi moja kwa moja, asiwe na sababu ya kutoka.

Kuki nayo ina mipaka yake. Mteja akifungua kiungo ndani ya Instagram, ukurasa unafunguka kwenye kivinjari cha Instagram, chenye kuki zake. Kesho akiingia kwa Chrome, duka linamwona mgeni kabisa. Kwa hiyo fundi apewe pia kuponi ya kutamka kwa mdomo, tuseme SHONA12, inayomfuata mteja kwenye simu yoyote. Kuponi nayo huvuja. Dalili yake ni oda nyingi za SHONA12 zinazoingia kwa siku chache, karibu zote bila mbofyo wowote wa kiungo cha fundi, wakati fundi hajatoa somo jipya. Ibadilishwe, na yeye aarifiwe kabla.

Turudi kwa mteja wetu. Bidhaa zake ni 510,000, punguzo la kuponi kwa cherehani ni 20,000, nauli ya kumfikishia 15,000. Kamisheni ya asilimia 6 inapigwa kwenye bei ya bidhaa baada ya punguzo, nauli kando: 490,000, ambayo inampa fundi 29,400. Fedha hiyo haitoki siku hiyo. Inakaa kama “inasubiri” mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite. Siku ya tano mteja anarudisha mkasi na nyuzi. Duka halifuti mstari wa zamani. Linaongeza mwingine wa kutoa 1,800, na fundi anaona jinsi 29,400 ilivyogeuka 27,600. Asilimia nayo iandikwe ndani ya kila oda, ili duka likishuka hadi 5 mwezi ujao, mauzo ya jana yabaki na 6 yake.

Tatizo moja huwakuta wanaopokea fedha kwa simu. Taarifa ya malipo kutoka kwa mtandao inaweza kufika mara mbili kwa muamala uleule, na programu isiyo makini ikaandika kamisheni mbili. Dawa yake ni kufunga kumbukumbu ili namba moja ya oda isikubali zaidi ya kamisheni moja ya kwanza. Marekebisho yote yaje kama mistari ya kuongeza au kutoa.

Kabla ya kumwita winga yeyote, mwenye duka afungue kiungo cha majaribio ndani ya Instagram na kununua kitu cha bei ndogo. Arudie kwa Chrome, arudie kwa iPhone, kisha arudishe kimoja. Mistari iliyoandikwa kwenye kumbukumbu itamwonyesha ni wapi winga wake angepotea.