Picha Inaijua Simu, Haimjui Mtu

Umeona friji ya mtumba mtandaoni, shilingi 14,000. Muuzaji anasema yuko Nakuru, na anataka umtumie nusu kwanza ili asimuuzie mwingine. Ukisita, anakutumia selfi akiwa ameshika kitambulisho. Rafiki yako anakwambia: “Angalia metadata ya hiyo picha, utajua kama ni yeye.” Je, utajua kweli?

Hebu tuanze na metadata yenyewe. Simu inapopiga picha, huandika pia maelezo mafupi ndani ya faili, yanayoitwa EXIF: kampuni iliyotengeneza simu, modeli yake, tarehe na saa. Kama umeiruhusu kamera kuhifadhi mahali, huongeza vipimo vya GPS vya pale uliposimama. Ukitaka kuyaona, fungua picha kwenye Google Photos kisha iburute juu kwa kidole.

Sasa angalia kisichokuwepo: jina la aliye kwenye picha. Kamera haimjui mtu. Zipo nafasi ambazo mtu anaweza kuandika jina, kama ile iitwayo PersonInImage wanayoitumia wapiga picha wa magazeti, lakini hujazwa kwa mkono. Aliyeandika anaweza kukosea, au kudanganya. Hata nafasi ya Artist ni ya mpiga picha, si ya anayepigwa.

Turudi kwa friji yetu. Umeihifadhi ile selfi na jina la faili ni IMG-20240312-WA0007.jpg. Wengi husoma hapo kwamba picha ilipigwa tarehe 12 Machi 2024. Hapana. Hilo ni jina lililowekwa na WhatsApp, na tarehe ni ya siku picha ilipopita kwenye WhatsApp. Ukifungua maelezo, hupati modeli wala mahali. Usikimbilie kusema ni tapeli, kwa sababu WhatsApp huyaondoa maelezo hayo kwenye picha ya kila mtu inayotumwa kwa njia ya kawaida.

Tuseme umemwomba aitume tena kama Document, njia ambayo haibadilishi faili. Safari hii EXIF inaonyesha picha ilipigwa miaka miwili iliyopita, Mombasa. Hapo umepata kitu. Si jina lake, bali swali la kumuuliza: mbona anayesema amejipiga sasa hivi Nakuru ana picha ya zamani ya Mombasa?

Na ikionyesha leo, Nakuru? Bado hujamjua. Tapeli anaweza kuweka selfi ya mtu mwingine kwenye skrini ya kompyuta, kisha aipige picha kwa simu yake. Faili mpya itakuwa na tarehe ya leo na mahali pa leo, lakini sura ni ya mtu asiyejua lolote. Saa pia hutoka kwenye saa ya simu, ambayo yeyote anaweza kuirudisha nyuma, na zipo programu za bure za kubadilisha EXIF yote. Kwa hivyo metadata inaweza kukuonyesha uongo, lakini haiwezi kukuthibitishia mtu.

Mahali ndipo metadata huuma, na huuma hata mwenye picha. Desemba 2012, John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, alikuwa mafichoni huku polisi wa Belize wakitaka kumhoji. Jarida la Vice lilichapisha picha yake iliyopigwa kwa iPhone bila kuifuta EXIF. Watu wakasoma GPS, kumbe yuko Guatemala. Kwanza alidai vipimo vile ni vya uongo, kisha akakubali ni vya kweli, na siku chache baadaye akakamatwa huko. Jina lake halikutoka kwenye faili. Wasomaji walijua ni yeye kwa sababu jarida lilimtaja. Faili ilitoa mahali tu, na palitosha.

Wewe unayeuza kochi ukiwa nyumbani, fikiria hilo. Ukituma picha kwa barua pepe au kama Document, unaweza kuwa umetuma na ramani ya mlango wako. Ingia kwenye mipangilio ya kamera na uzime “Location tags” au maneno yanayofanana. Picha za zamani zitabaki na mahali pake, lakini ukizipiga skrinshoti, nakala hiyo haibebi GPS ya picha ya kwanza.

Na yule wa friji? Kabla hujakamilisha kutuma pesa, soma jina linalotokea kwenye skrini na ulilinganishe na la kitambulisho. Yasipolingana, simamisha hapo hapo. Yakilingana, bado hujaiona friji, kwa hivyo nusu yake isubiri hadi uiguse.